PAYE si asilimia 30 ya mshahara wako wote: namna ya kukagua slipi yako

Kila mwisho wa mwezi tunapata lalamiko lilelile. Safari hii lilitoka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Arua, ambaye aliona ankara yetu ya kutengeneza mishahara akasema tunamwibia. "Mshahara ukizidi laki nne na elfu kumi, kodi ni asilimia thelathini. Mpwa wangu anazidisha kwa simu. Nyinyi mnanilipisha nini?"

Tunalipisha kwa sababu hesabu ya mpwa huyo ni makosa, na inawaumiza wafanyakazi kila mwezi.

Kodi ya mshahara Uganda, yaani PAYE, hukatwa kwa ngazi. Ngazi zinazotumika tangu Julai 2012 kwa mkazi wa nchi ni hizi: shilingi 235,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kitu. Zinazofuata mpaka 335,000 hukatwa asilimia 10. Kutoka hapo mpaka 410,000 ni asilimia 20, na zinazopita 410,000 ni asilimia 30. Anayepata zaidi ya milioni 10 huongezewa asilimia 10 nyingine, lakini kwa kile tu kilichozidi milioni 10. Fikiria madumu yaliyopangwa mstari: mshahara hujaza la kwanza, ukizidi humwagikia la pili, kisha la tatu. Maji yakifika dumu la mwisho, yale yaliyo kwenye dumu la kwanza hayabadiliki bei.

Tuchukue mshahara wa 1,200,000 kabla ya makato. Shilingi 235,000 za kwanza, kodi sifuri. Laki moja inayofuata, kodi 10,000. Shilingi 75,000 zinazofuata, kwa asilimia 20, kodi 15,000. Mpaka hapo tumefika 410,000 na kodi ni 25,000. Zimebaki 790,000, ambazo kwa asilimia 30 zinatoa 237,000. Jumla ya PAYE ni 262,000. Mpwa wa yule mzee alikuwa anakata 360,000. Tofauti ni 98,000.

Hiyo 98,000 ikariri, maana ndiyo siri ya kukagua slipi. Kwa mshahara wowote kati ya 410,000 na milioni 10, anayekata asilimia 30 ya mshahara wote huzidisha kodi kwa 98,000 kamili. Haijalishi unapata laki tano au milioni nane. Sababu yake ni nyepesi: asilimia 30 ya 410,000 ni 123,000, lakini ngazi za chini zinadai 25,000 tu. Kwa hiyo chukua mshahara wako kabla ya makato, piga asilimia 30, toa 98,000. Kinachobaki ndicho PAYE yako. Kwa 1,200,000: 360,000 toa 98,000, unapata 262,000. Kama slipi yako inaonyesha asilimia 30 kamili bila kutoa kitu, umekatwa zaidi, na kwa mwaka mzima ni 1,176,000.

Wa mishahara midogo nao huumia, ila kwa kiasi kingine. Mlinzi wa yule mzee alikuwa analipwa 300,000, akikatwa 30,000. Haki yake ni asilimia 10 ya 65,000 zilizozidi 235,000, yaani 6,500. Shilingi 23,500 kila mwezi kwa mlinzi ni fedha ya unga na mkaa.

Kosa hili pia huwafanya watu wakatae nyongeza. Mama mmoja karani alikuwa anapata 400,000, bosi akataka kumpandisha hadi 420,000, yeye akakataa akisema ataingia kwenye asilimia 30 na kubaki na kidogo kuliko mwanzo. Tulimkalisha tukamwonyesha. Kwa 400,000 kodi ni 23,000, anabaki na 377,000. Kwa 420,000 kodi ni 28,000, anabaki na 392,000, kabla ya makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Asilimia 30 iligusa 10,000 tu zilizopita 410,000. Kwa ngazi hizi, nyongeza ya mshahara haiwezi kukupunguzia unachobaki nacho baada ya PAYE. Ukiona imepungua, kosa liko kwenye hesabu.

Wanaotumia Excel hutuletea faili yenye fomula ya kuangalia ngazi ya mwisho kisha kuzidisha mshahara wote. Hapo ndipo kosa linapojificha, kwa sababu jedwali linapendeza na hakuna anayelishuku. Kwa bahati nzuri viwango vyetu hupanda kwa asilimia 10 kila ngazi, hivyo fomula sahihi ni fupi. Mshahara ukiwa kwenye A2:

```
=MAX(0,A2-235000)*10%
+MAX(0,A2-335000)*10%
+MAX(0,A2-410000)*10%
+MAX(0,A2-10000000)*10%
```

Iandike yote kwenye seli moja. Ijaribu kwanza kwa 235,000 ikupe sifuri, kisha 335,000 ikupe 10,000, na 410,000 ikupe 25,000. Tunajaribu mipakani kwa sababu fomula mbovu mara nyingi huonekana nzima katikati ya ngazi. Fomula hii ni ya wakazi. Asiye mkazi hana ile 235,000 ya bure, na hesabu yake hufanywa kando.

Kuna njia ya mkato nyingine inayokwenda upande wa pili. Mwajiri anatoa kwanza asilimia 5 ya NSSF, halafu anakokotoa PAYE kwa kilichobaki. Hapa Uganda mchango huo haupunguzi mshahara unaotozwa kodi. Kwa 1,200,000, NSSF ni 60,000. Ukikokotoa kwa 1,140,000 utapata PAYE ya 244,000, pungufu ya 18,000. Mfanyakazi hufurahi, lakini mamlaka ya kodi, URA, ikikagua humdai mwajiri, na juu yake riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Hesabu sahihi ni 1,200,000 toa 262,000, toa 60,000, mkononi 878,000.

Yule mzee alikubali tumkagulie. Tulipanga slipi, orodha ya wafanyakazi ndani ya ritani ya PAYE ambayo mwajiri hupeleka URA, na risiti za malipo, jina kwa jina, mwezi kwa mwezi. Hatua ya kulinganisha ndiyo watu huiruka, nasi hatuikubali iachwe, kwa sababu inaonyesha fedha iliyozidi iko wapi. Kama slipi inasema 360,000 na ritani inasema 262,000, zile 98,000 ziko kwa mwajiri na anaweza kumrudishia mtu wake leo. Kwake zote zilikuwa zimeshakwenda URA. Ikabidi kila ritani irekebishwe ili kilichozidi kitambuliwe, na kazi hiyo ilimgharimu zaidi ya ada yetu ya mwaka mzima. Wafanyakazi saba walikuwa juu ya 410,000: 686,000 kwa mwezi, bila kumhesabu mlinzi.

Ukitaka tukague slipi yako moja, njoo nayo ofisini pamoja na TIN yako, na barua ya ajira kama una posho za nyumba au usafiri. Posho ya fedha taslimu huingia kwenye mshahara unaotozwa, na bila kuiona hatuwezi kusema kama umekatwa sawa. Slipi moja hatuitozi. Mwajiri anayetaka miezi ya nyuma tutampa bei baada ya kuona ritani zake, si kabla.