Radio 1 haikuzaliwa kwa hisani ya BBC

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nilipostaafu kazi ya mawasiliano ya redio melini, na kwa muda wote huo sikupata kukuandikia, ingawa sababu hazikukosekana. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile makala yenu juu ya redio za maharamia zilizokuwa zikipiga muziki wa roki kutoka baharini imeandikwa kana kwamba mambo yalikwisha kwa sentensi tatu: wahuni walijificha melini, serikali ya Uingereza ikatunga sheria ya kuwakomesha, kisha BBC kwa hekima yake ikabuni Radio 1 kwa ajili ya vijana. Sentensi ya kwanza ina dharau, ya pili ina nusu ya ukweli, na ya tatu si kweli hata kidogo.

Ningependa wasomaji wenu waijue meli moja tu, kwa sababu hiyo peke yake inatosha kuipangua makala yote. Mwaka 1961 meli iliyoitwa Bon Jour ilitia nanga nje ya maji ya Uswidi, karibu na visiwa vya Stockholm, ikaanza kutangaza kwa jina la Radio Nord. Ilipiga muziki mchana kutwa, ikaweka na matangazo ya biashara, katika nchi ambayo shirika la taifa lilikuwa halina mpinzani na liliamini kwamba msikilizaji hupewa kinachomfaa, wala haulizwi anachokitaka. Radio Nord ilianza mwezi Machi. Mwezi Mei mwaka huohuo shirika la taifa la Uswidi lilikuwa limekwisha kuanzisha matangazo yake ya muziki mwepesi, Melodiradion. Ni miezi miwili tu, Ndugu Mhariri, kwa shirika ambalo kwa miaka mingi lilikuwa halijaona haja hiyo. Mwaka 1962 sheria za nchi za Skandinavia ziliifungia Radio Nord njia, ikazima mtambo, lakini Melodiradion ilibaki hewani.

Meli ile haikwenda kuoza bandarini. Mwaka 1964 ilitokea pwani ya mashariki ya Uingereza, sasa ikiitwa Mi Amigo, ikatangaza kwanza kwa jina la Radio Atlanta, na ilipofika Julai ikaungana na Radio Caroline, kituo alichokianzisha Ronan O'Rahilly, Mwairishi, wakati wa Pasaka ya mwaka huohuo kwa kutumia feri ya zamani ya Kidenishi. Feri ile ilihamia kwenye kisiwa cha Man, kilichoko kati ya Uingereza na Ireland, ili ihudumie kaskazini, na Mi Amigo ikabaki kusini. Kwa hiyo meli iliyoyalazimisha mageuzi Stockholm ndiyo iliyofika kuyalazimisha London. Jambo hilo halimo katika makala yenu, wala jina la meli yenyewe halimo.

Mwandishi wenu anauliza kwa kejeli iwaje meli kuukuu itishie shirika kubwa kama BBC. Jibu lake liko katika maji ya chumvi. Mawimbi ya kati, ambayo ndiyo yaliyotumika, husafiri yakiambaa juu ya uso wa dunia, na ardhi kavu huyafyonza na kuyadhoofisha. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno kuliko udongo, kwa hiyo mlingoti uliosimikwa juu ya meli, na chini yake bahari yenyewe ikifanya kazi ya waya wa ardhini, hupeleka sauti mbali kwa nguvu ndogo. Caroline ilianza na mitambo miwili ya kilowati 10 tu kila mmoja, na ikasikika vizuri sehemu kubwa ya kusini-mashariki ya Uingereza. Maji ya nchi wakati ule yaliishia maili 3 za baharini kutoka pwani, na meli iliyotia nanga nje ya mpaka huo huku ikipeperusha bendera ya nchi nyingine haikuwa chini ya sheria ya leseni za redio za Uingereza. Hapakuwa na ujanja zaidi ya huo.

Wala kazi yenyewe haikuwa ya kihuni. Usiku wa Januari 1966 mnyororo wa nanga wa Mi Amigo ulikatika katika dhoruba ya theluji, na meli ikasukumwa hadi ufukweni karibu na Frinton. Waliokuwamo, miongoni mwao kijana mtangazaji Tony Blackburn, waliokolewa mmoja mmoja kwa kuvutwa kwenye kamba juu ya maji ya barafu. Mama mmoja wa Uswidi, Britt Wadner, ambaye kituo chake mwenyewe cha baharini kilikuwa kimesimama kwa sababu ya barafu, aliwaazima meli yake Cheeta II, Caroline ikarudi hewani wakati Mi Amigo ikitengenezwa Uholanzi. Mlikumbuke jina la Blackburn, maana nitalirudia.

Sasa nifike kwenye kilichonikera hasa. Hivi karibuni nilialikwa katika semina ya watangazaji chipukizi, katika chuo ambacho sitakitaja. Nilipoeleza kwamba BBC ya miaka ile ilikuwa haiwezi kupiga santuri mchana kutwa hata kama ingetaka, mwendesha semina alinikatiza, akainua nakala ya gazeti lako mbele ya vijana wote, akasoma aya yenu ile isemayo kwamba BBC "iliona mbali", kisha akaomba nizimiwe kipaza sauti ili ratiba isicheleweshwe. Vijana wale wameondoka pale wakiamini gazeti. Wengi wetu tulilelewa na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na heshima tuliyo nayo kwa shirika lile ni ya haki. Lakini heshima hiyo isitufanye tulipe sifa ambayo si yake, tena mbele ya watoto wanaojifunza kazi. Ukweli ambao sikuruhusiwa kuumaliza ni huu. BBC ilifungwa na mapatano kati yake na makampuni ya santuri, yakisukumwa na chama cha wanamuziki kilichohofia kwamba santuri zingewanyang'anya wapigaji muziki kazi, na mapatano hayo yaliweka ukomo wa saa za kupiga muziki uliorekodiwa. Saa hizo chache ziligawanywa kati ya idhaa zake zote. Muda uliobaki ulijazwa na bendi na okestra za studio, ambazo ziliombwa kuziiga nyimbo zilizokuwa zikipendwa wiki ile, na kijana aliyetaka kuisikia bendi anayoipenda kwa sauti yake yenyewe alisikia watu wazima waliovaa tai wakiukaribia wimbo wake bila kuufikia. Meli hazikuwa na mapatano hayo. Zilipiga santuri yenyewe, asubuhi hadi usiku, na mamilioni ya watu wakahama. Ni kweli kwamba nyingi hazikuwa zikiwalipa wenye haki za santuri, na mwanamuziki aliyelalamika juu ya hilo alikuwa na hoja. Lakini bila mamilioni wale waliohama, nani angefungua tena mazungumzo juu ya ukomo wa saa zile?

Serikali yenyewe ililijua hilo. Mswada wa kuzipiga marufuku meli ulipelekwa bungeni Julai 1966, lakini mawaziri walitambua kwamba kuzima redio wanayoisikiliza vijana wa nchi nzima bila kuwapa mbadala ni kujitafutia balaa. Ndiyo maana Desemba mwaka huohuo waraka wa serikali juu ya utangazaji uliitaka BBC ianzishe idhaa ya muziki wa kisasa. BBC iliagizwa, Ndugu Mhariri, haikubuni.

Sheria ilianza kufanya kazi usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1967. Haikuweza kuigusa meli iliyo nje ya mipaka, kwa hiyo iliwabana watu: Mwingereza aliyefanya kazi melini, aliyepeleka chakula, maji au mafuta, au aliyelipia tangazo la biashara, alitenda kosa. Radio London, iliyotangaza kutoka meli ya Galaxy, meli ya zamani ya jeshi la majini la Marekani, iliishi kwa matangazo ya biashara, na ikafunga saa tisa alasiri tarehe 14. Caroline ilikaidi, ikaendelea kwa kupata mahitaji yake kutoka Uholanzi, hadi Machi 1968 meli zake zote mbili zilipoburutwa na kampuni ya meli za kuvuta kwa sababu ya madeni.

Radio 1 ilifunguliwa saa moja asubuhi tarehe 30 Septemba 1967. Sauti ya kwanza ya mtangazaji ilikuwa ya nani? Ya Tony Blackburn, yuleyule aliyevutwa kwa kamba kutoka Mi Amigo, na ambaye baadaye alihamia Radio London. Vibwagizo vya idhaa mpya viliagizwa kutoka PAMS ya Dallas, studio ileile iliyovitengeneza vya Radio London, na baadhi yake vilikuwa tuni zilezile zilizoimbwa upya kwa jina jipya. John Peel na Kenny Everett, nao wa Radio London, walichukuliwa pia. Na kwa kuwa ukomo wa santuri ulikuwa bado haujaondolewa, idhaa hiyo mpya ililazimika kuchangia sehemu kubwa ya vipindi vyake na Radio 2, idhaa nyingine ya BBC. Ukomo wenyewe ulikuja kuondoka kabisa mwaka 1988.

Wala simtetei kila mwenye meli. Katika mwaka wake wa mwisho kabla ya sheria, Caroline ilikuwa ikipokea fedha za makampuni ya santuri ili ipige nyimbo zao mara kwa mara, na msikilizaji hakuambiwa. Ugonjwa huo tunao hapa kwetu hadi leo: wasanii wachanga wananung'unika kwamba wimbo hauingii hewani mpaka mkono ulainishwe, na sijaona gazeti lako likilifuatilia jambo hilo kwa bidii mliyoitumia kuwaita wahuni watangazaji waliokaribia kufa maji.

Ninachoomba ni hiki. Chapisheni sahihisho, si katika kile kisanduku cha pembeni kisichosomwa, bali katika ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule wa makala. Liwe na ramani inayoonyesha Stockholm, Frinton na kisiwa cha Man, na juu yake njia ya meli moja, Bon Jour hadi Mi Amigo. Chini ya ramani ziwekwe tarehe mbili bila maelezo mengi: 14 Agosti 1967, saa tisa alasiri, na 30 Septemba 1967, saa moja asubuhi. Kati yake zimo siku 47. Kisha nakala moja ipelekwe kwa chuo kilichotumia makala yenu kufundishia. Jina lake nitaliandika katika barua ya pembeni, mkiniahidi kwamba mtaipeleka.

Wako,
Afisa redio mstaafu wa melini,
Mombasa