Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Soya Kiasi Gani Kwenye Dona?

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi nitasema jambo moja tu, lile lililotugharimu zaidi mwaka huu: kiasi cha soya tunachochanganya kwenye unga wetu wa lishe.

Tunamlenga mtoto wa miaka 3 hadi 10. Kipimo cha FAO cha 2013 kinataka kila gramu ya protini anayokula iwe na miligramu 48 za laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Protini ya mahindi ina kama 27, ya soya kama 62. Tulizipigia wastani namba hizo kwa kilo za unga, tukaona kufika 48 kunataka soya asilimia 60. Tukachanganya hivyo. Bei ikapanda, uji ukanuka soya, na wateja wa Kirumba wakarudi kwenye unga wao wa zamani. Hesabu ile niliipitisha mimi, na nawaomba radhi.

Kosa lilikuwa hili: 27 na 62 ni laisini iliyo ndani ya protini, si ndani ya unga. Gramu 100 za dona zina protini kama gramu 9. Za soya isiyokamuliwa mafuta, kama 36. Kijiko cha soya kinaleta protini mara nne ya kijiko cha dona, kwa hiyo soya kidogo inavuta sana.

Chukueni dona gramu 70 na soya gramu 30. Dona inaleta protini gramu 6.3, ambazo mara 27 ni miligramu 170 za laisini. Soya inaleta gramu 10.8, ambazo mara 62 ni 670. Jumla ni miligramu 840 kwenye protini gramu 17.1, yaani 49 kwa kila gramu. Lengo limefikiwa kwa nusu ya soya tuliyokuwa tukinunua.

Wenzetu wa Magu na Kwimba wanaotumia mtama wasiige uwiano huo. Protini ya mtama ina laisini kama 21 tu, na kwa 70 kwa 30 wataishia 46. Wao waweke soya 35.

Hesabu hii pia inaharibika jikoni. Soya ikikaangwa hadi kuwa kahawia iliyokoza, laisini inashikana na sukari na mwili hauwezi kuitumia, ingawa maabara inaweza bado kuihesabu. Ikibaki mbichi, vizuizi vyake vinazuia protini kumeng'enywa. Tunataka rangi ya dhahabu, ganda linalotoka kwa kusugua, na punje isiyo na ladha ya ubichi ukiitafuna.

Wapo waliouliza kwa nini tusiweke dagaa, kwani laisini wanayo tele. Ni kweli, lakini mafuta yao yanachacha upesi ndani ya pakiti. Mama anayetaka aweke mwenyewe chunguni.

Kamati inaomba mkutano upitishe 70 kwa 30 kwa dona na 65 kwa 35 kwa mtama, na soya ipimwe kwenye mizani baada ya kukaangwa na kupetwa, si kwa debe.