Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Alama za Wasambazaji Wetu wa Unga

Ndugu wanachama wa chama chetu cha waoka mikate,

Tangu Januari kamati ya manunuzi imekuwa ikimpa kila msambazaji alama kati ya 100 mwishoni mwa mwezi, kwa kusoma hati za oda, hati za mizigo, daftari la stoo na ankara. Alama 40 ni za kufikisha mzigo kwa wakati, 40 ni za ubora na 20 ni za bei.

Nitaeleza kwa mfano mmoja, bila kumtaja mhusika. Mwezi wa Juni msambazaji huyo alileta oda 8, na daftari likaonyesha kuwa 2 zilichelewa, hivyo akapata 30 kati ya 40. Katika mifuko 400 tuliikataa 12, ambayo unga wake ulikuwa umeshika unyevu na kuganda mabonge. Hiyo ni asilimia 3. Kwa kuwa hata msambazaji mbovu hupitisha zaidi ya asilimia 90 ya mifuko yake, tuliamua kukata alama 8 kwa kila asilimia moja iliyokataliwa, naye akabaki na 16. Bei yake ilipanda kwa asilimia 6, lakini ya wenzake ilipanda kwa wastani wa asilimia 4, na si haki kumwadhibu mtu kwa kupanda kwa soko zima. Tulimhesabia zile 2 za ziada tu, tukakata alama 5 kwa kila moja, akabaki na 10 kati ya 20. Jumla ikawa 56, na aliye chini ya 60 huandikiwa barua ya onyo.

Barua ilikwisha kuandikwa pale mhazini alipolinganisha daftari na hati za mizigo, akakuta mihuri ya mapokezi ya oda zile mbili ni ya Jumamosi, siku tuliyoahidiwa, ilhali mtunza stoo aliziingiza daftarini Jumatatu. Alama zikawa 66, na barua tukaichana. Tangu hapo tarehe inayohesabiwa ni ya muhuri, nayo hulinganishwa na tarehe ya kwanza iliyoandikwa kwenye oda, hata kama msambazaji ameomba baadaye isogezwe mbele.

Kwa wanaoleta oda moja au mbili kwa mwezi, kama yule wa hamira, tunajumlisha miezi 3, maana oda moja ikichelewa hupoteza nusu ya alama za muda au hata zote.

Liko jambo moja ambalo alama hizi hazilioni, nalo linatuhusu sisi: msambazaji ambaye hatujamlipa ankara ya mwezi uliopita hukawiza mzigo, kisha tunamkata alama. Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe safu ya tarehe ya malipo iongezwe kwenye jedwali, ili mzigo uliochelewa wakati tunadaiwa uandikwe kando na usikatwe alama.