Dada, shoka moja linatosha

Dada yangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini wewe na wote hapo nyumbani hamjambo. Sisi huku tu wazima, ila shemeji yako bado anakohoa na dawa hataki. Najua nimekaa kimya muda mrefu. Habari zetu nitakuandikia siku nyingine, kwa sababu ujumbe wako wa jana usiku umenifanya niache kila kitu nikujibu leo leo.

Umesema umepangiwa neno kwenye ushirika wa Alhamisi, dakika 10, na umechagua habari ya shoka lililozama, 2 Wafalme 6:1-7. Hapo nimefurahi kweli. Kisha nikaona ule mpango wako: mafundisho matano, mistari minane ya kufungua, na kisa cha Petro juu ya maji mwishoni. Dada, punguza! Watu wale wanatoka kazini. Ukiwaambia wafungue andiko la pili, nusu watafungua. La tatu, watakuwa wanakutazama tu. La nne, mzee wetu wa kwaya atakuwa ameshasinzia, unamjua.

Chukua kisa kimoja na fundisho moja, na hilo fundisho litoke ndani ya kisa chenyewe. Jipime hivi: liandike kwa sentensi moja, halafu jiulize kama lingeweza kusemwa bila hicho kisa. “Tumwamini Mungu katika yote” linaweza kusemwa juu ya kurasa zote za Biblia, kwa hiyo kisa chako hakina kazi hapo. Likihitaji lile shoka ndipo lieleweke, basi umelipata.

Sasa soma tena taratibu, maana utajiri wa kisa hiki umo katika mambo madogo. Wana wa manabii wanamwambia Elisha mahali wanapokaa pamewasonga. Wanaomba ruhusa waende Yordani, kila mmoja akate boriti moja, wajenge. Mmoja anamsihi Elisha afuatane nao, naye anakubali. Wanakata miti. Mmoja wao anapiga shoka, chuma kinachomoka, kinazama mtoni. Yeye amebaki na mpini mkononi. Analia, na maneno anayomwambia Elisha ni machache: ole wangu, bwana wangu, kile kiliazimwa.

Hapo ndipo ningesimama kama ni mimi. Halalamiki kwamba kazi yake imekwama, wala hasemi kwamba mpini ulikuwa umelegea, ingawa huenda ulikuwa umelegea kweli. Kumbukumbu la Torati 19:5 inataja chuma cha shoka kuchomoka katika mpini na kumuua mtu, kwa hiyo ajali ya namna hiyo ilijulikana. Kinachomliza ni kwamba chuma kile ni cha mtu. Mwenyewe hayupo pale, hajaona, hajui. Na huyu kijana angeweza kabisa kuuweka mpini chini na kujiunga na wanaobeba boriti.

Kwa nini alie hivyo kwa ajili ya kipande cha chuma? Rudi sura mbili nyuma, 2 Wafalme 4:1. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii, watu wa kundi hilo hilo, anamjia Elisha kwa sababu mwenye kumdai mumewe anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Watu hawa walijua deni linavyoweza kufika mlangoni. Na chuma hakikuwa kitu cha kuokota njiani. Hili la mjane liseme kwa sentensi moja au mbili, kwa kinywa chako, bila kuwafungulisha watu. Ukiwafungulisha tu, watataka habari ya mafuta, na mafuta ni neno la siku nyingine kabisa.

Kisha tazama anavyojibu Elisha. Haulizi “ulikuwa unafanya nini?” wala “nani alikuruhusu kuazima?” Anauliza: kilianguka wapi? Yule kijana anamwonyesha mahali. Elisha anakata kijiti, anakitupa pale pale, chuma kinaelea. Halafu anamwambia akiokote, naye ananyosha mkono wake mwenyewe anakitwaa. Habari inaishia hapo.

Basi fundisho lako, kwa jinsi ninavyoliona mimi: kitu cha mtu kikiharibika au kupotea mikononi mwako, sema mapema na uonyeshe kilipoangukia. Ni hilo tu. Ukitaka kulibadilisha maneno libadilishe, ila usiliongezee mguu wa pili.

Najua utaniuliza mbona sisemi “turudishe vya watu”. Nimelifikiria sana. Ukiangalia vizuri, maandiko hayasimulii yule kijana akirudisha shoka. Tunadhani alirudisha, na pengine alirudisha, lakini kilichoandikwa ni kilio chake, swali la Elisha, kidole kinachoonyesha mahali, na mkono ulionyoshwa. Simama juu ya kilichoandikwa. Tena kwa msikilizaji ni rahisi kukipokea, maana wengine hawana tena cha kurudisha. Kitu kimevunjika, pesa zimekwisha. Ukimwambia “rudisha” atainamisha kichwa. Ukimwambia “sema, onyesha mahali”, hilo analiweza hata akiwa mikono mitupu.

Na hapo kuna hatari moja, usiipite. Usiwaahidi watu kwamba wakisema ukweli chuma kitaelea. Muujiza ule ulikuwa wa Mungu siku ile pale mtoni. Mtu anaweza kwenda kwa mwenye mali, akasema yote, na bado akatakiwa kulipa. Kutoka 22:14 inasema aliyeazima mnyama wa jirani yake, mnyama akaumia au akafa mwenyewe asipokuwapo, sharti alipe. Waambie wazi kwamba kusema ni mwanzo, malipo yanaweza kufuata.

Nakuomba pia, kwa upendo, uache ile sehemu ya shoka kuwa upako uliopotea na kijiti kuwa msalaba. Najua imehubiriwa sana na watu huitikia amina kwa nguvu. Lakini shoka likishakuwa upako, yule kijana hadaiwi tena na mtu, anahurumiwa tu, na neno “kiliazimwa” linakosa kazi. Mimi naona hasara hapo ni kubwa. Vivyo hivyo Zaburi 37:21, ile ya asiye haki kukopa wala asilipe. Ni andiko la kweli, ila likiingia katikati litageuza faraja kuwa hukumu, na watu wataanza kutazamana.

Kutazamana ndiko kunakonitia wasiwasi, nakuambia. Ushirika wenu ni mdogo, na nani anamdai nani mnalijua karibu nyote. Kama dada wa vile viti vya harusi atakuwepo, usitaje viti, usitaje harusi, wala usigeuze macho upande wake. Nathani alipomwambia Daudi “wewe ndiwe mtu huyo” alikuwa anasema na Daudi mwenyewe, na ujumbe ulimhusu yeye. Wewe utakuwa mbele ya watu wengi. Mfano wako uwe wa kitu ambacho hakuna aliyeazimiana hapo, na ukihisi umemlenga mtu hata kidogo, ubadilishe usiku huo huo.

Kuhusu dakika 10. Mistari saba ikisomwa kwa sauti bila haraka itachukua dakika moja na ushee. Soma mwenyewe, au mpe mtu Jumatano ajizoeze. Kisha simulia upya kwa maneno yako, dakika tatu hivi, na ukifika kwenye kilio, nyamaza kidogo kabla Elisha hajauliza. Usianze kwa kuomba radhi kwamba hukujiandaa au kwamba wapo wanaojua zaidi yako. Hapo dakika imeondoka na hujasema kitu. Sentensi ya kwanza iwe moja kwa moja: “Mtu mmoja alikuwa anakata mti kando ya Yordani, shoka likamchomoka mpini, na shoka halikuwa lake.” Watanyanyua vichwa.

Fundisho lipe dakika tatu au nne, na sehemu kubwa ya hizo iende kwenye hatua yenyewe. Hapo ndipo wengi wetu hulegea. Tunasema “twende tukaishi hivyo” na mtu anaondoka hajui aanzie wapi. Mpe kitu cha kufanya kabla ya Alhamisi inayofuata. Kwa mfano: kumbuka kitu kimoja tu cha mtu kilichopotelea kwako. Nenda kwa mwenyewe, au mpigie. Mwambie mambo matatu, kwa kifupi: ni kitu gani, kimepatwa na nini, na wewe utafanya nini na lini. Tuseme ni mashine ya kushonea aliyoiazima kwa jirani. “Mashine yako ya kushonea ilivunjika sindano na gurudumu halizunguki tangu mwezi uliopita. Nilikuwa naogopa kukuambia. Jumamosi naipeleka kwa fundi, na gharama ni yangu.” Huyo ameonyesha mahali kilipoangukia. Linganisha na yule anayesema “ile mashine ina shida kidogo, tutaangalia”. Mwenye mali hapo hajui kitu, na wewe umebaki na mzigo wako wote. Wasikilizaji wataisikia tofauti hiyo bila wewe kuieleza.

Ukimaliza, omba kwa kifupi. Ombi liwe juu ya jambo hilo hilo, ujasiri wa kusema. Nimeshaona neno zuri likaharibiwa na maombi marefu ambayo ndani yake msemaji anahubiri upya, na yale mafundisho manne aliyoyaacha yanarudi yamefumba macho. Sema amina, ukae.

Jizoeze kwa sauti, usisome moyoni tu, maana ulimi ni mzito kuliko macho. Ikizidi dakika 10, kata kwenye masimulizi ya safari ya kwenda Yordani. Kilio usikikate, wala swali la Elisha.

Sasa nijibu upesi, kabla ya Jumatano. Nani anaongoza nyimbo siku hiyo, na anajua utasimama lini? Utasoma wewe au umempa mtu? Wale vijana wapya bado wanakuja, na wanakaa mbele au mlangoni kama zamani? Hiyo sentensi yako moja imekuwaje, umeiandika au bado unang’ang’ania ile ya Petro? Na yule mama aliyekuwa mgonjwa, ameanza kutoka nje? Mwambie namkumbuka katika maombi kila asubuhi. Nitumie hiyo sentensi hata usiku wa manane, nitaisoma.

Ndugu yako akupendaye katika Bwana