Barua kwa mdogo wangu: "vibaya" ya mal na "vibaya" ya mauvais

Lyon, Jumapili usiku

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inawakuta wote wazima. Mimi huku sijambo. Wape baba na mama shikamoo zangu, uwaambie kifua kimepona kabisa.

Insha yako ya Kifaransa nimeipata na nimeisoma mara tatu. Imenifurahisha, maana umeandika mambo yako mwenyewe, hukunakili ya kitabuni. Makosa yake karibu yote yanatoka mahali pamoja: mal na mauvais, halafu pire. Nami niliyafanya hayo hayo, kwa hiyo nitakwenda nawe sentensi kwa sentensi.

Umeanza hivi: "J'ai dormi mauvais." Ulitaka kusema ulilala vibaya. Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa. Sisi tunasema mtu mbaya, kitabu kibaya, njia mbaya. Neno linafuata ngeli ya jina. Lakini tukisema "analala vibaya" au "wanalala vibaya", neno halibadiliki, kwa sababu linaeleza kitenzi. Wafaransa wanatenganisha vivyo hivyo. Mauvais ni kivumishi, hufuata jina: un mauvais livre, une mauvaise route, de mauvaises nouvelles. Mal ni kielezi, hakibadiliki. Angalia tu usidanganywe na "viatu vibaya". Hiyo vibaya ni kivumishi, imefuata ngeli. Ukiona shaka, geuza iwe umoja: kiatu kibaya. Neno likigeuka, ni mauvais. Likibaki vibaya, ni mal.

Basi kulala kunataka mal. Na mahali pake pia pana utaratibu: kitenzi kikiwa kimoja, mal hukifuata, je dors mal, kikiwa na kitenzi kisaidizi, huingia katikati, j'ai mal dormi. Ukiiacha mwishoni utaeleweka, ila sikio la Mfaransa litashtuka kidogo.

Sentensi ya pili: "Le matin, je me suis sentie mauvaise." Hapa nikae kidogo, kwa sababu neno hili liliniumiza. Mwaka wangu wa kwanza nilipandwa na homa kazini. Nikamwendea msimamizi nikamwambia, "Je sens mauvais." Nilidhani nimesema najisikia vibaya. Akanitazama, akaenda kufungua dirisha, akanionyesha bafu la wafanyakazi lilipo. Nilisimama pale natetemeka, sijui nimekosea nini, mpaka mwenzangu mmoja aliponigusa paji la uso akamwambia mkubwa wetu kuwa nina homa. Nilichokuwa nimesema ni "ninanuka".

Sentir bila me, ikifuatwa na mauvais, ni kunuka. Se sentir, yenye me, te, se mbele yake, ikifuatwa na mal, ni kujisikia vibaya. Kwa hiyo: je me suis sentie mal. Mauvais katika sentir mauvais ni mahali pa pekee, maana linakaa kama kielezi na halifuati jina lolote: ces chaussures sentent mauvais, japo chaussures ni ya kike tena ya wingi. Hali ya hewa nayo ni il fait mauvais. Hizo mbili zishike kama zilivyo. Na ile uliyoandika, je me suis sentie mauvaise, inaweza kueleweka kwamba ulijiona mtu mwenye roho mbaya, jambo ambalo hukukusudia hata kidogo.

Kuhusu maumivu, usihangaike kutafuta kivumishi. Hapo mal ni nomino: j'ai mal à la tête, j'ai mal au ventre. Hiyo umeiandika sawasawa.

Kisha umesema, "Je suis mal en maths." Je suis mal maana yake ni kwamba hujatulia au huna raha mahali ulipo. Udhaifu katika somo ni sifa ya mtu, kwa hiyo ni kivumishi: je suis mauvaise en maths. Mimi ningeandika mauvais, wewe mauvaise. Na badala ya "l'examen était mal" sema l'examen s'est mal passé, yaani mtihani haukuenda vizuri. Kitu kikiwa c'est mal, ni kibaya kimaadili: mentir, c'est mal. Kikiwa c'est mauvais, ni kibaya kwa ladha, kwa ubora au kwa madhara yake: c'est mauvais pour la santé. Sisi tunasema "ni vibaya kusema uongo" na "ni kibaya hiki", tofauti tunayo tayari.

Sasa ile sentensi iliyonifanya nichukue kalamu usiku huu: "Ma note est plus pire que la note de mon amie." Naona ulivyofika hapo. Kwetu ni "mbaya zaidi", maneno mawili, ukatafuta mawili. Lakini pire ina "zaidi" tumboni mwake tayari. Ukisema plus pire umesema "mbaya zaidi zaidi". Wapo Wafaransa wanaolitamka hilo mitaani, na walimu wao huwasahihisha tangu wangali wadogo, usilichukue kwao. Ukitaka kulikazia, sema bien pire au encore pire.

Hata hivyo plus mauvais si kosa, na hapa wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Wamefundishwa kuwa plus bon ni mwiko, lazima meilleur, wakadhani na plus mauvais ni mwiko. Si hivyo. Njia zote mbili zipo, ila hazina uzito mmoja. Plus mauvais hukaa vizuri pale unapopima ubora wa kitu ambacho chenyewe hakina ubaya, kama alama, macho, barabara: ma note est plus mauvaise que la sienne. Pire hupenda jina ambalo tayari ni baya, kama maumivu, kosa, adui: mon pire ennemi, la pire erreur. Mon plus mauvais ennemi haisemwi. Kwa alama yako pire ingekubalika pia, ila ingesikika nzito, kana kwamba zote mbili zilikuwa mbovu. Wenyewe mara nyingi husema kwa upole zaidi: ma note est moins bonne.

Pire haibadiliki kwa kike au kiume, ila wingi inataka s: mes notes sont pires. Umeisahau mara mbili.

Na mwisho kabisa umeandika, "Mon amie écrit pire que moi." Kitenzi tena, mdogo wangu. Pire inatoka kwa mauvais, haimfai kielezi. Mal ikilinganishwa inakuwa plus mal: elle écrit plus mal que moi. Zamani ilikuwa pis, ambayo leo imebaki kwenye misemo kama tant pis na de mal en pis.

Ile insha usiitupe. Iandike upya aya ya pili, ile ya safari, kwa sababu humo kuna mauvais nne na sikuzigusa makusudi. Mbili ni sahihi. Zipige rangi hizo mbili, urekebishe zilizobaki, unitumie nizione kabla mtihani wako haujafika.

Nakukumbuka sana.

Kaka yako