Kabla ya kununua pampu kubwa, pima mnara wako kwanza

Mteja mmoja mwenye karakana ya mashine za kumimina plastiki alitupigia simu akitaka pampu kubwa zaidi. Zamani mnara wake wa kupozea ulikuwa ukirudisha maji ya nyuzi 30, sasa yanarudi na nyuzi 34, na bidhaa zinatoka kwenye kalibu zikiwa zimepinda. Aliona maji hayapozwi vya kutosha, hivyo yaongezwe mwendo. Wateja wengi hufikiri hivyo, na ndiyo maana tunaeleza hapa tunavyolitazama tatizo hili kabla ya kumuuzia mtu kifaa chochote.

Kwenye mnara kuna tofauti mbili za joto, na kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza ni renji, yaani joto la maji yanayoingia juu ya mnara ukitoa joto la maji yanayotoka kwenye beseni chini. Ya pili ni aprochi, yaani joto la maji ya beseni ukitoa joto la balbu bichi la hewa inayoingia. Joto la balbu bichi ni lile linalosomwa na kipimajoto kilichovishwa kitambaa kibichi huku hewa ikipita juu yake kwa kasi. Hicho ndicho kikomo cha mnara. Hata ungeujenga mkubwa kiasi gani, maji hayatashuka chini ya hapo, na minara midogo mingi huteuliwa ibaki juu yake kwa nyuzi 3 hadi 6.

Watu wengi hupotelea kwenye renji. Renji haisemi kama mnara ni mzima. Inatokana na joto ambalo mashine zinatupa kwenye maji na kiasi cha maji kinachozunguka, basi. Karakana ile ilikuwa ikizungusha mita za ujazo 20 kwa saa kwa renji ya nyuzi 6, sawa na takriban kilowati 140. Ukiweka pampu ya mita za ujazo 30, kilowati ni zilezile 140, ila renji inashuka hadi 4. Mtu anayeangalia renji peke yake atadhani mnara umezidi kudhoofika, ilhali hakuna kilichobadilika upande wa mashine. Tena maji yakizidi uwezo wa nozeli zinazoyanyunyizia juu ya mnara, hufurika juu na kushuka kama michirizi badala ya kutandaa, na kupoza kunazidi kuwa kubaya.

Tulipofika tulipima vyote kwa wakati mmoja, mashine zikiwa kazini. Maji yalikuwa yanaingia na nyuzi 40 na kutoka na 34, kwa hiyo renji ilikuwa ileile 6. Balbu bichi ilisoma 25. Aprochi ilikuwa 9, wakati daftari la mnara lilionyesha 5 ulipofungwa, kwa mzigo uleule na hewa ya namna hiyohiyo. Kulinganisha hali zinazofanana ni muhimu sana, kwa sababu hewa ikipoa aprochi hupanda kidogo hata kwenye mnara usio na kasoro. Na ukipima balbu bichi, simama upande hewa inakoingilia, mbali na mvuke unaotoka juu. Mvuke ule ukirudi kwenye kipimo chako, aprochi itaonekana nzuri kuliko ilivyo.

Renji haijabadilika na aprochi imepanda: hapo lawama inarudi kwa mnara wenyewe. Ama hewa haipiti vizuri, ama maji hayatandai. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza sawasawa. Tulipofungua juu tukakuta nozeli kadhaa zimeziba, na masega ya plastiki ambayo maji hushukia yamevaa ukoko mweupe, mgumu, kiasi kwamba nafasi za kupitisha hewa zilikuwa zimebaki nyembamba mno.

Ukoko huo ulitoka kwenye maji ya kujazia. Mnara hupoza kwa kuvukiza sehemu ya maji, na kinachovukizwa ni maji matupu, chumvi zote zinabaki. Kukadiria mvukizo ni rahisi: zidisha maji yanayozunguka kwa renji, kisha kwa 0.00153. Kwa karakana ile, 20 × 6 × 0.00153 ni karibu mita za ujazo 0.184, yaani lita 184 kwa saa. Ili chumvi zisirundikane, lazima kiasi fulani cha maji ya beseni kimwagwe na nafasi yake ijazwe maji mapya. Ukitaka maji ya mnara yawe na ukolezi wa mara 4 ya maji ya kujazia, gawanya mvukizo kwa 3, yaani 4 kutoa 1, upate lita 61 za kumwaga kwa saa. Matone yanayopeperushwa na hewa, kama vizuia matone ni vizima, hayazidi lita moja au mbili. Jumla ya maji ya kujazia ni karibu lita 245 kwa saa.

Msimamizi wa zamu alikuwa ameibana koki ya kumwagia ili kuokoa maji. Nia ilikuwa njema. Maji ya kujazia yalikuwa na kloridi miligramu 40 kwa lita, na ya beseni 360, yaani ukolezi wa mara 9, kwa kuwa kloridi haigandi kama kalsiamu. Ugumu wa kalsiamu ulikuwa 110 kwenye maji ya kujazia, kwa hiyo kwenye beseni tulitegemea 990. Tukakuta 640. Zaidi ya thuluthi ya kalsiamu iliyoingia haikuwa kwenye maji tena. Ilikuwa imeganda kwenye masega. Huu ndio ulinganisho tunaouamini kuliko kutazama kwa macho, maana unaonyesha ukoko ungali unajengeka. Tahadhari moja tu: kama unatia dawa ya klorini, nayo huongeza kloridi, kwa hiyo hesabu itahitaji marekebisho.

Na maji yaliyookolewa? Kwa ukolezi wa mara 9, kumwaga kunashuka hadi lita 23 kwa saa, hivyo akiba ni lita 38 tu. Ukitoka mara 2 kwenda mara 4 unaokoa zaidi ya lita 120 kwa saa, na hiyo ni akiba ya kweli. Kuanzia mara 5 au 6 faida inakuwa ndogo na hatari ya ukoko inapanda, hasa kwa maji magumu yasiyotiwa dawa ya kuzuia ukoko.

Pampu haikununuliwa. Tulizibua nozeli, tukaondoa ukoko kwa asidi inayofaa, na masega yaliyopondeka tukayabadilisha. Yeyote anayesafisha mnara kwa maji ya shinikizo avae barakoa ya kuchuja hewa, kwa kuwa ndani mnaweza kuwa na bakteria wa lejionela wanaoingia mapafuni kupitia matone madogo. Kisha koki ya kumwagia tukaifungia kidhibiti kinachosoma upitishaji umeme wa maji: maji ya kujazia yalisoma 400, tukakiweka kifungue kwenye 1,600.

Jambo la mwisho tulilofanya ni kufunga mita kwenye bomba la maji ya kujazia. Ikisoma karibu lita 245 kwa saa mashine zote zikifanya kazi, mambo yako sawa. Ikishuka sana huku mzigo haujapungua, kagua kama koki ya kumwagia imeziba. Ikipanda maradufu, angalia bomba la kufurikia, hasa pampu inapozimwa. Boya likiwekwa juu mno, maji yanayorudi kutoka kwenye mabomba hufurika na kupotea, halafu pampu ikiwashwa boya linafungua kujaza upya, na hasara hiyo hurudi kila mashine zinapolala.