Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Wete: majina yetu na karatasi zake

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Assalaam alaykum. Nakuandikia wewe kwa sababu masheha wako chini yako, na kwa sheha ndiko safari ya jina inakoanzia.

Tuseme binti wa Wete cheti chake cha kuzaliwa kinasema Asha Khamis Juma, lakini shuleni aliandikishwa Aisha Hamis Juma. Anapotaka pasi, majina yanagongana. Anaambiwa "kaape", anarudi na kiapo, kisha anaambiwa hicho sicho. Mateso haya yanaepukika iwapo sheha atamuuliza swali moja tangu mwanzo: unataka kuthibitisha, au kuacha?

Kiapo mbele ya kamishna wa viapo kinathibitisha tu kwamba Asha na Aisha ni mtu mmoja. Hakibadilishi jina lolote. Akitaka kuliacha kabisa jina moja, anahitaji hati ya kubadili jina, ile mawakili wanayoiita didi poli. Na kama kosa lilifanywa na mwandishi wa cheti cha kuzaliwa, hiyo ni njia ya tatu: aombe sahihisho kwa wasajili wa vizazi, asibadilishe jina ambalo hajawahi kulitaka.

Akichagua didi poli, aende kwa wakili na barua ya sheha, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na picha. Hati itamke kwamba analiacha jina la zamani na kulichukua jipya kwa shughuli zote, naye atie saini kwa majina yote mawili mbele ya shahidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa: wanataja tahajia moja ya zamani na kuisahau nyingine. Kama benki anaitwa Asha Hamisi, na hilo liandikwe, la sivyo hati haitamsaidia huko.

Hati hupelekwa kwa Mrajis wa nyaraka isajiliwe, ipate namba na muhuri. Baada ya hapo ndipo tangazo la gazeti, mfano Zanzibar Leo, likiwa na jina la zamani, jipya, anapoishi na tarehe ya hati. Alisome herufi kwa herufi kabla ya kulilipia, kwani herufi moja ikikosewa tangazo halilingani tena na hati. Alihifadhi gazeti zima, maana kipande kilichokatwa hakionyeshi tarehe wala toleo. Kisha abadilishe kitambulisho kwanza, ndipo pasi na benki.

Vyeti vya mitihani aviache na jina lake la zamani. Aviambatanishe na hati.

Mheshimiwa, naomba njia hizi tatu ziandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa kila ofisi ya sheha wilayani, na barua ya sheha iwe na nafasi ya kutaja tahajia zote ambazo mwananchi amewahi kuandikwa.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Wete